Andiko la kununua droni ya kupulizia kwa AMCOS yetu ya mpunga: nipasulieni hesabu kabla bodi haijakaa

Mwanamfereji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni meneja wa AMCOS ya mpunga huku Mbarali. Skimu yetu ina ekari 1,200, wanachama 480, wengi wana ekari mbili au tatu. Jumamosi ya wiki ijayo bodi inakaa na nimepewa kazi ya kuandika andiko la kununua droni ya kupulizia. Nimeshaandika, ila naogopa kusimama mbele ya wazee na hesabu ambayo mtu mmoja ataibomoa kwa swali moja. Bora mnibomoe nyie kwanza.

Kwa kifupi andiko linasema hivi. Droni ya tangi la lita 20, ikija na betri tatu, chaja na jenereta, profoma niliyopewa ni shilingi 38,500,000. Vibali, bima na mafunzo ya rubani mmoja nimeweka 6,500,000. Vipuri vya kuanzia, simtanki na mavazi ya kinga 3,000,000. Jumla 48,000,000.

Mapato: ekari 1,200, mizunguko mitatu kwa msimu, mwanachama analipa 12,000 kwa ekari. Hiyo ni 43,200,000. Gharama za kuendesha nimeweka 5,000 kwa ekari, yaani 18,000,000. Inabaki 25,200,000 kwa mwaka, kwa hiyo droni inajilipa ndani ya miaka miwili.

Faida kwa mwanachama: sasa hivi kibarua anapulizia kwa 2,500 kwa bomba, na ekari inakula mabomba sita, yaani 15,000. Akija kwa droni anaokoa 3,000 kila mzunguko. Juu ya hapo anaokoa nusu ya dawa, maana droni haimwagi ovyo.

Nawasilisha.

Mzee wa Pembejeo

Safi sana mkuu, hii ndiyo kilimo. Ila kwenye dawa umejipunja. Droni inatumia lita 6 za maji kwa ekari wakati bomba linatumia karibu 100. Maji yakipungua hivyo na dawa inapungua. Mimi nauza pembejeo, watu wa droni wananunua kidogo sana. Weka hata asilimia 60, bodi itapitisha bila kubisha.

Rubani wa Majaruba

Mzee wa Pembejeo, hapo kwenye maji uko sawa, kwenye dawa umepotea, na ukimpa meneja huo ushauri utamwingiza shimoni.

Dawa inahesabiwa kwa ekari, haihesabiwi kwa maji. Kama lebo inasema nusu lita kwa ekari, inakwenda nusu lita, iwe umeichanganya na maji lita 96 ya mabomba sita au na lita 6 za droni. Kinachobadilika ni ukali wa mchanganyiko. Ukipunguza dawa kwa sababu maji yamepungua, magugu yananyauka wiki ya kwanza, wiki ya tatu yanachipua tena, na mkulima atasema droni ni utapeli. Hiyo nimeiona kwa macho yangu.

Pale ambapo dawa inaokolewa kweli ni kwa kibarua aliyekuwa anamwaga mara mbili sehemu moja, au anayeongeza kifuniko kimoja "ili ishike". Hiyo ipo, lakini huwezi kuiandikia asilimia mpaka umepima shambani kwako. Mwanamfereji, futa huo mstari kabisa.

Nimerusha droni za shamba tangu 2021, kwenye mpunga na miwa, kwa hiyo naomba nikuulize mawili kabla sijagusa hesabu. Kwanza, kati ya wanachama 480, ni wangapi hasa wanaolipa kibarua? Pili, hiyo mizunguko mitatu ni ipi?

Korosho Newala

Mimi nina mikorosho 300. Hii droni inaweza kupulizia salfa ya unga? Vijana wa mashine wananitesa kila mwaka mwezi wa sita.

Rubani wa Majaruba

Korosho, tangi hili ni la dawa za maji, salfa ya unga haimo. Dawa za maji za ubwiriunga zinawezekana, lakini mti si jaruba. Unahitaji maji mengi zaidi, mwendo wa polepole, na bado ndani ya mti matone hayafiki vizuri. Fungua uzi wako tutachangia, huu ni wa mpunga.

Bomba Sita

Mimi ndiye huyo kibarua mnayemjadili. Napulizia skimu za huku misimu minne sasa.

Meneja, nikwambie kitu ambacho kwenye karatasi yako hakipo. Watu wanaoniita mimi si wote. Mtu mwenye ekari mbili na kijana wake nyumbani anaazima bomba la jirani anapulizia mwenyewe asubuhi mbili. Huyo halipi 15,000, analipa sifuri. Ukimpelekea droni ya 12,000 hujamwokolea 3,000, umemwongezea 12,000. Wanaoniita ni wenye ekari nyingi, akina mama waliobaki peke yao, na wale wanaoishi mjini wanapiga simu tu.

Halafu mkishanunua mtatuambia twende wapi?

Mwanamfereji

Bomba Sita, umenichoma lakini asante. Leo nimezunguka mfereji wa pili nikauliza watu 40 mmoja mmoja. 23 wanapulizia wenyewe au watoto wao. 17 tu ndio wanalipa.

Kuhusu mizunguko: wa kwanza ni kiuagugu, wiki mbili au tatu baada ya kupandikiza. Wa pili ni wadudu, hasa wale mbawakavu wanaoeneza kimyanga, na funza wa shina. Wa tatu nilihesabu busta ya majani, lakini nikisema ukweli wengi huwa hawapigi.

Rubani wa Majaruba

Sasa tunaweza kuhesabu. Kaa vizuri.

17 kati ya 40 ni kama asilimia 42. Kwenye ekari 1,200 hiyo ni ekari 510 hivi. Mizunguko miwili, si mitatu. Unapata ekari 1,020 kwa mwaka, si 3,600. Na hapo nimekuhesabia kwamba wote wanaolipa kibarua watahamia kwako mwaka wa kwanza, jambo ambalo halitatokea.

Gharama yako ya 5,000 kwa ekari iko karibu, ila umesahau betri. Ukiweka rubani 1,500, msaidizi 1,000, petroli ya jenereta 600, usafiri wa maji na vifaa 800, matengenezo 1,200, ni 5,100. Betri tatu ukizinunua upya ni kama 9,000,000. Kila moja ukiipa machaji 1,000, na kila chaji ekari tatu, zote zinakwenda ekari 9,000. Hiyo ni 1,000 kwa ekari. Jumla 6,100. Kwa hiyo kwenye kila 12,000 unabaki na 5,900.

5,900 mara 1,020 ni shilingi 6,018,000.

Upande wa pili kuna vitu vinavyolipwa hata droni ikilala stoo. Bima, kuhuisha vibali na ulinzi, weka 3,000,000 kwa mwaka. Uchakavu: toa betri kwenye 48,000,000 inabaki 39,000,000, gawa kwa miaka minne, 9,750,000. Jumla 12,750,000.

Unapoteza milioni 6.7 kwa mwaka. Ili usipate hasara wala faida unahitaji ekari kama 2,160 kila mwaka. Hiyo ndiyo namba ya kuwapelekea wazee, mengine yote ni mapambo.

Mzee wa Pembejeo

Duh. Lakini mkuu, 2,160 si wanaipata tu wakirusha usiku na mchana? Nimesikia inapiga ekari 15 kwa saa.

Rubani wa Majaruba

Inapiga, kwenye shamba la miwa lililonyooka. Lita 6 kwa ekari, tangi la 20, ni ekari tatu kwa mruko. Mruko na kujaza na kubadilisha betri ni dakika 12 hivi. Ndiyo, kwenye karatasi ni 15.

Kwenye majaruba ni hivi. Unafika, mwenye shamba hajaja kukuonyesha mpaka wake. Jaruba lake la pili liko ng'ambo ya mfereji. Katikati kuna nguzo za umeme na mti wa mwembe. Unamaliza mmoja, wa jirani anasema yeye dawa yake bado haijafika. Halafu upepo. Kule kwenu asubuhi kuna utulivu kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 4, baadaye jioni kidogo kuanzia saa 10 na nusu. Upepo ukifika mita 3 kwa sekunde mimi nashusha. Siku nzuri ni ekari 40.

Kiuagugu kina dirisha la siku kama 10, gugu likiwa na majani mawili hadi manne. Likizidi hapo dawa inalichekesha tu. Siku 10 mara 40 ni ekari 400. Kinachowaokoa nyie ni zamu ya maji, kwamba hampandikizi wote wiki moja. Droni moja inatosha ekari zako 510. Lakini hiyo 2,160 huwezi kuipata ndani ya skimu moja yenye msimu mmoja kwa mwaka, hata watu wote wakubali mizunguko yote miwili utakuwa unabanwa na siku.

Mama Saro

Mimi ni mjumbe wa bodi kwenye skimu nyingine, si ya mwanzisha uzi. Naona mnahesabu pesa tu. Sisi tulileta mtu wa droni msimu uliopita kwa ekari 60, na kilichonifurahisha hakikuwa bei. Ni kwamba hakuna mtu aliyeingia jarubani. Vijana wa bomba wakipita kwenye mpunga wa wiki tatu wanaacha njia, unaziona mpaka kuvuna. Na ile siku unayotaka kupiga dawa, maji umeyatoa ili gugu lionekane, tope linafika magotini. Kibarua anachoka bomba la nne, la tano na la sita anayapiga kwa kukimbia.

Kilichoniudhi nacho nikiseme. Tulichomeka vile vikaratasi vya njano vinavyogeuka buluu vikiguswa na tone, juu ya vijiti, kila hatua kumi. Katikati ya jaruba vilijaa madoa mazuri, mengi na madogo. Pembeni, pale droni inapogeukia, vitatu vilitoka vya njano kama vilivyoingia. Na kweli, baada ya wiki mbili magugu yalibaki kwenye tuta na mita mbili tatu za ukingo pande zote. Tulimwita Bomba Sita wetu akamalizia kingo kwa bomba. Jaruba dogo, ukingo ni sehemu kubwa ya shamba, muizingatie hiyo.

Bomba Sita

Mama, hapo umenirudisha mjini 😀

Rubani wa Majaruba

Mama Saro yuko sahihi, na tiba ipo nusu tu. Rubani anaweza kuzungusha mruko mmoja wa mwisho kufuata mpaka, lakini akisogea sana ukingoni dawa inavuka kwa jirani. Mpaka wenye jirani wa mpunga hauna shida. Mpaka wenye bustani ni habari nyingine.

Nikupe ya kwangu. Nilikuwa napiga kiuagugu cha 2,4-D, saa 4 ishapita, nimebakiza mruko mmoja. Nikasema namalizia. Nyanya za jirani zilikuwa kama mita 60 upande upepo unakoelekea. Siku ya pili shina za juu zikaanza kujipinda, ya nne majani yakawa yamejikunja kama vikombe. Hakuna mahakama, nililipa, na pesa niliyolipa ni zaidi ya kazi ya wiki nzima. Matone ya droni ni madogo na mchanganyiko ni mkali mara 15 au zaidi kuliko wa bomba, kwa hiyo kidogo kikipotea kinaua.

Kwa hiyo Mwanamfereji, kwenye andiko andika mbele kabisa nani analipa jirani akiunguliwa. Bima ya watu wengi inahusu droni kuanguka juu ya mtu au kitu. Soma kama inagusa dawa iliyopeperuka, usiambiwe kwa mdomo.

Mwanamfereji

Nimeandika. Na mafunzo? Niliweka rubani mmoja, kuna kijana wetu wa stoo anapenda sana mambo haya.

Rubani wa Majaruba

Weka wawili. Ukisomesha mmoja, msimu wa pili kampuni ya miwa inamchukua, na wewe unabaki na sanduku la milioni 38.

Lakini mtu wa kumwekea pesa zaidi ya rubani ni mchanganyaji. Rubani amesimama mbali na rimoti. Mchanganyaji ndiye anashika dawa kali siku nzima, anajaza tangi kila dakika 12. Kwa bomba, dawa ikikumwagikia mkononi ni ile iliyozimuliwa na maji lita 16. Hapa ni mchanganyiko mkali mara 15 au zaidi. Glavu ndefu za mpira, aproni, kioo cha uso, ndoo ya maji safi na sabuni pembeni. Na afundishwe kuchanganya kidogo kwenye chupa kwanza, asubiri nusu saa aone kama inatengana au inaganda. Dawa mbili zilizoelewana kwenye lita 96 zinaweza kugombana kwenye lita 6.

Rubani mwenyewe, siku za mwanzo asipewe dawa. Apige maji matupu. Ajifunze kupima: kila akibadilisha dawa, aweke jagi chini ya kila pua, afungue kwa dakika moja, alinganishe. Pua moja ikitoa kidogo kuliko mwenzake utaiona shambani kama mistari ya magugu iliyonyooka kama rula, na hapo umechelewa.

Vibali ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa kusajili droni na rubani, na Wizara ya Ulinzi. Anza mapema, kabla hujalipa hata senti ya droni. Na dawa ziwe zilizosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya viuatilifu, soma lebo kama inaruhusu kupigwa kutoka angani.

Mrajis Mstaafu

Nimefanya kazi ya ushirika miaka mingi, nimesoma uzi wote. Kijana, unaongea kama bodi ndiyo inanunua. Bodi haina mamlaka hayo peke yake. Kitu cha milioni 48 lazima kiwe kwenye makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu. Na kama mnakopa, iwe benki au Mfuko wa Pembejeo, lazima mkutano mkuu uweke ukomo wa madeni na Mrajis auidhinishe. Sheria ya ushirika ya 2013 iko wazi. Nimeona vyama vinanunua trekta kwa muhtasari wa bodi, mkaguzi anakuja, inakuwa hoja, na bodi inaondolewa wakati trekta inafanya kazi vizuri kabisa.

Kwa hiyo unachopeleka Jumamosi ni pendekezo la bodi kulipeleka mkutano mkuu. Badilisha hata kichwa cha andiko.

Na swali moja: mwanachama analipa lini? Akilipa wakati wa mavuno, petroli ya Februari inatoka wapi?

Mwanamfereji

Shikamoo mzee. Ukomo wetu wa madeni mwaka huu ni wa pembejeo tu, droni haimo. Kwa hiyo kukopa msimu huu haiwezekani hata tukitaka.

Kulipa, wengi watasema mavuno. Tunakata kwenye mauzo ya ghalani kama tunavyokata mbolea. Petroli na posho za miezi mitatu nimehesabu kwa ekari 1,020: rubani, msaidizi, petroli na usafiri ni 3,900 kwa ekari, karibu milioni 4 zinatangulia kutoka mfukoni kwa chama. Zipo, ila zitabana.

Mrajis Mstaafu

Marahaba. Basi ziandike, usizifiche.

Mwanamfereji

Nimekaa usiku nimeandika upya. Nipeni macho ya mwisho.

Pendekezo sasa ni kwamba msimu huu tusinunue. Chama kikusanye oda za wanachama, kikodi mtoa huduma kwa ekari zisizopungua 300 mzunguko wa kiuagugu, bei tuliyoongea naye ni 14,000. Mwanachama atalipa 14,000 hiyo hiyo, chama hakipati kitu. Kingo tutawalipa vijana wa bomba 2,000 kwa ekari, hiyo chama kitabeba, kwa ekari 300 ni 600,000. Tutaandika kila siku ekari zilizopigwa, saa upepo ulipotuzuia, na dawa iliyotumika kwa kila mtu. Kwenye majaruba 10 tutaweka mstari mmoja wa bomba na mmoja wa droni, tuhesabu magugu kwenye fremu ya mita moja baada ya wiki tatu.

Wakati huo huo naomba bodi iniruhusu kuongea na skimu mbili za jirani. Tukipata ekari 2,160 kwa pamoja, kwa mizunguko yote, ndipo suala liende mkutano mkuu pamoja na ukomo wa madeni mpya. Tusipozipata, tunaendelea kukodi.

Mafunzo: watu wawili wa urubani na wawili wa kuchanganya, lakini mwaka huu waende kama wasaidizi wa mtoa huduma, wajifunze kwa droni ya mwenzao.

Rubani wa Majaruba

Hilo naweza kulisimamia. Moja tu: skimu za jirani zikipandikiza wiki zile zile na nyie, ekari zinaongezeka lakini siku haziongezeki. Kabla hujaomba ahadi ya ekari, omba ratiba yao ya maji.

Na mkija kununua, betri msizifungie stoo zikiwa zimejaa miezi minane. Ziacheni karibu nusu, mahali pa baridi, mzikague kila mwezi. Yangu moja ilivimba kama mkate kwa sababu hiyo.

Mama Saro

Mimi bado nasema hiyo 5,900 haioni mpunga usiokanyagwa. Kama ekari inaokoa hata nusu gunia, mkulima atalipa 14,000 bila kuombwa, na hata wale 23 waliokuwa wanapiga wenyewe watakuja.

Rubani wa Majaruba

Inawezekana kabisa, Mama. Ila hiyo nusu gunia nani kaipima?

Mama Saro

Hakuna. Meneja, ongeza mizani kwenye yale majaruba 10.

Mwanamfereji

Nimeongeza. Ratiba ya maji ya skimu ya juu nimeipata leo, wanapandikiza wiki tatu kabla yetu. Ya chini bado hawajanijibu.

Bomba Sita

Meneja, kwenye hao wawili wa kuchanganya andika jina langu. Ila glavu nije nizione kwanza.